Mwalimu, tazama saa: barua ya wazi kuhusu kifafa cha binti yangu

Kwako Mwalimu wa Darasa la Nne, na kwa walimu wote unaofanya nao kazi,

Najua una watoto zaidi ya 80 katika chumba kimoja, na najua wengi wao wamejua kusoma kwa jasho lako, binti yangu akiwemo.

Hii ni barua ya pili. Ya kwanza niliiandika Januari, ukurasa mmoja tu, nikaibania nakala ya kadi ya kliniki na kuikabidhi ofisini kwa mkono wangu. Alhamisi iliyopita nilipokuja kumchukua mtoto niliiona chini ya rundo la vitabu vya mahudhurio. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa. Ndiyo maana hii ya pili naiandika mbele ya watu. Binti yangu ana miaka 10. Nimemsomea yote kabla sijaituma, akaniomba jina lake nisilitaje. Ugonjwa wake ameniruhusu kuutaja: ana kifafa.

Nianze na siku yenyewe, kama nilivyosimuliwa na watoto na kama nilivyoona mwenyewe nilipofika. Alhamisi, saa moja na robo asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini, binti yangu alitoa ukelele mmoja akaanguka chali. Darasa zima lilikimbia. Watoto wawili walipiga kelele kwamba povu lisiwaguse. Mwalimu wa zamu alileta kijiko kutoka jikoni akakilazimisha katikati ya meno, watu wazima wawili wakamkandamiza mikono na miguu, mwingine akamwagia maji ya ndoo, na mwingine akamwekea kiatu puani. Kisha akapakizwa kwenye bodaboda, amebanwa katikati ya watu wawili, amelegea, kidevu kimelalia kifua, akapelekwa zahanati. Jioni nikapewa ujumbe kwa mdomo: akae nyumbani mpaka apone kabisa.

Sidhani kuna aliyetaka kumdhuru. Mlifanya mengi kwa sababu mliogopa. Mimi naomba mfanye machache, na sababu zangu ni hizi.

1. Kwanza ugonjwa wenyewe.

Alipokuwa na miaka mitatu alipata malaria kali. Alitupwa na degedege usiku kucha, akalala hospitali siku sita bila kutujua. Malaria ilipona, lakini ilimwachia kovu kwenye ubongo, upande wa kushoto. Hivyo ndivyo daktari alivyonieleza, na tangu hapo sijahitaji maelezo mengine. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kwa mpangilio. Penye lile kovu mara mojamoja umeme huo hulipuka bila mpangilio. Ukiishia palepale, mtoto anazubaa. Ukienea kichwa kizima, anaanguka. Watoto wengi hupata degedege la homa na wasipate kifafa kamwe, kwa hiyo mzazi mwingine anayesoma hapa asishtuke. Wangu ndiye aliyebaki nacho.

Kifafa hakiambukizwi. Lile povu ni mate, hakuna kingine ndani yake. Wakati huo hawezi kuyameza, na pumzi inayopita kwa nguvu inayachapa mpaka yanatoka meupe. Yakiwa na wekundu, ameng'ata ulimi au shavu. Ukiyashika kwa mkono, utanawa basi.

Nalisema hili kwa uchungu ambao si wa juzi. Mama yangu kwao ni Mahenge, wilayani Ulanga, ambako kifafa ni kingi kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Kaka yake alikuwa na sahani yake na kikombe chake, na alikula peke yake nyuma ya nyumba. Siku moja aliangukia mafigani. Waliokuwepo waliogopa kumgusa povu likiwa bado mdomoni, wakangoja likauke, na alipotolewa motoni mkono ulikuwa umekwisha. Ni Mahenge hiyohiyo ambako daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianza kuwatibu watu wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wakaonekana wakiendelea vizuri kwa vidonge. Ni zaidi ya miaka 60 sasa, na watoto wa darasa la nne bado wanakimbia povu. Siwalaumu watoto. Walimtazama mwalimu, wakaona naye amerudi nyuma.

2. Zile dakika unazoziita dharau.

Hapa, Mwalimu, nasema nawe mwenyewe, na uniwie radhi. Kwenye daftari lake la hisabati umeandika kwa wino mwekundu: "Hasikilizi. Ana dharau." Umeandika hivyo mara tatu muhula huu, na mojawapo ya siku hizo alirudi nyumbani na alama za fimbo viganjani.

Sikiliza ninachokiona mimi nyumbani. Tumekaa, anakunja nguo. Ghafla mikono inasimama. Macho yanaganda mahali pamoja, lakini hayaoni. Mdomo unaanza kutafuna kitu ambacho hakimo. Mkono wa kulia unakitafuta kifungo cha shati, unakifungua, unakifunga, unakifungua tena. Nikimwita haitiki. Nikimgusa bega hageuki. Hali hiyo inakwenda dakika moja, mara chache mbili. Halafu anashusha pumzi, ananitazama kama mtu aliyeshushwa kwenye basi kituo asichokijua, na kuuliza, "Mama, ulikuwa unasemaje?"

Hicho ndicho kifafa chake cha kawaida. Kuanguka ni nadra. Kabla ya Alhamisi alikuwa amekaa miezi minane bila kuanguka. Kuzubaa huku humjia mara mbili au tatu kwa mwezi, na kwa kuwa hakuna kishindo wala povu, hakuna anayekuita ugonjwa.

Kumtofautisha na mtoto anayewaza mpira au aliyeboreka na somo si kazi ngumu. Anayewaza mambo yake ukimgusa bega atashtuka na kurudi. Huyu harudi mpaka wakati wake utimie. Tazama mdomo na vidole: vikitafuna na kuchezea kitu bila kusudi, si utukutu. Na anayewaza mambo yake hurejea akili ikiwa timamu, ila huyu baadaye huwa ameduwaa, pengine dakika tano au kumi, na maneno humtoka kwa shida.

Ukimwona hivyo, usimtikise wala usimpigie kelele, kwa sababu hakuna kelele inayoweza kukikatiza. Simama karibu. Akiinuka na kuanza kutembea, mwongoze taratibu mbali na ngazi, barabara au moto, bila kumbana, maana akibanwa wakati huo anaweza kukusukuma, na kesho yake hatakumbuka. Akirudi, mwambie tu mmefika swali la ngapi. Na uwe macho, kwani mara nyingine kuzubaa huku ndiko mwanzo wa kuanguka. Kukiendelea na shingo ikaanza kupinda kuelekea kulia, mkalishe chini upesi.

3. Kilichomwangusha Alhamisi.

Nimesikia inasemwa kwamba ni jua la mstarini, kwamba hakunywa uji, na wengine kwamba ni mambo ya kwetu. Mimi nina daftari. Kila anapoanguka au kuzubaa naandika tarehe, saa, muda, na kilichotangulia siku mbili nyuma. Daftari hilo linasema vingine.

Anatumia kabamazepini, kidonge cha miligramu 200, kimoja saa kumi na mbili asubuhi na kimoja saa kumi na mbili jioni. Kabla ya hapo alikuwa kwenye fenobabito. Hiyo ilimsinzisha darasani na kumfanya mkali nyumbani, ndipo daktari akambadilishia. Kidonge hiki hakikiondoi kifafa. Kinakizuia kwa muda kinapokuwa mwilini, na nguvu yake hupungua saa hadi saa, ndiyo sababu ni mara mbili kwa siku na ndiyo sababu hakiachwi ghafla hata kama mtoto anaonekana mzima.

Jumanne mlianza kambi ya maandalizi ya mtihani, watoto wakalala shuleni. Nilimfungia vidonge sita kwenye bahasha ndogo, vya siku tatu, nikaandika saa juu yake. Bahasha ilichukuliwa langoni kwa sababu mwanafunzi haruhusiwi kukaa na dawa, ikafungiwa kabatini. Sipingi sheria hiyo. Lakini aliyeichukua hakuitoa tena. Jumanne jioni hakunywa. Jumatano asubuhi hakunywa, na jioni pia. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi hakunywa pia. Ni vidonge vinne mfululizo. Juu ya hapo, usiku wa Jumatano walisoma mpaka saa tano na wakaamshwa saa kumi alfajiri, na kulala saa tano tu kwa mtoto huyu ni hatari hata akiwa amekunywa dawa. Alhamisi saa moja na robo akaanguka. Nilipofungua ile bahasha jioni, vidonge vyote sita vilikuwemo.

Basi kwa binti yangu vichochezi ni vitatu, na nimevipanga kwa uzito wake: dawa iliyorukwa, usingizi mchache, na homa. Akichemka mwili shuleni, nipigieni simu mara moja, msingoje kengele ya kwenda nyumbani. Jua na njaa peke yake sijaona vikimwangusha, ingawa uji si vibaya akaupata. Mwanga wa kumetameta huwasumbua baadhi ya wenye kifafa, lakini yeye haumsumbui, kwa hiyo msimtoe kwenye chumba cha kompyuta kama mlivyomtoa Machi. Akimbie, acheze rede na netiboli. Nawazuia mambo matatu tu: asitumwe kukoroga uji kwenye sufuria la jikoni, asitumwe kisimani au mtoni, asipande mwembe kuangua. Kifafa kwa kawaida humwachia mtu uhai, ila moto na maji humkuta hapo alipoangukia.

4. Akianguka tena.

Nitalieleza hili kwa mpangilio wake, kwa sababu anayelijua haliogopi.

Kwanza atalia sauti moja. Si maumivu, ni pumzi inayosukumwa na misuli inayokaza. Atakakamaa kama ubao, midomo inaweza kugeuka rangi, na kwa sekunde kumi au ishirini itaonekana kama hapumui. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kisha mwili unaanza kurusharusha, mikono na miguu kwa pamoja, upesi upesi, halafu polepole, halafu unakoma. Povu litatoka, na pengine atajikojolea. Kwake yeye yote haya huchukua karibu dakika mbili. Baada ya hapo analala usingizi mzito wa kukoroma, nusu saa au zaidi.

Mwalimu, kitu cha kwanza kufanya ni kutazama saa. Iwe ya mkononi, ya ukutani au ya simu, tazama dakika aliyoanza. Alhamisi niliuliza alitupwa kwa muda gani. Mmoja akaniambia dakika mbili, mwingine nusu saa. Nadhani wote wawili walisema kweli: wa kwanza alihesabu kurusharusha, wa pili akajumlisha na usingizi. Lakini ile nusu saa ndiyo iliyomfikisha kwenye bodaboda. Hesabu tangu anapokakamaa mpaka viungo vinapotulia. Usingizi hauhesabiwi.

Ukishatazama saa, ondoa madawati na mawe karibu yake, mwekee sweta lililokunjwa chini ya kichwa, mlegezee kola. Mwache arushe. Kumkandamiza hakukatishi kitu, na kunaweza kumtegua bega. Mara viungo vinapolegea, au hata kabla kama inawezekana bila nguvu, mgeuze alale kwa ubavu, uso ukielekea chini kidogo, ili mate na matapishi yatiririke nje. Hilo ndilo linalolinda njia yake ya hewa, na ndilo ambalo Alhamisi hakuna aliyelifanya. Kwenye bodaboda kidevu kilikuwa kifuani na mate yanarudi kooni.

Mdomoni msiweke kitu. Ulimi haumezwi, umeshikwa chini kwa nyama yake. Ukiumwa utavimba na kupona kwa wiki. Kijiko kile kilimvunja jino la mbele la juu. Meno yake ya utoto ya mbele yalishang'oka, hilo lilikuwa la ukubwani na halioti tena. Kipande chake kimoja hatukukipata, na zahanati ilibidi wahakikishe hakijaingia kifuani. Pia msimpe maji wala dawa mpaka aweze kusema jina lake. Kiatu, kitunguu, njiti ya kiberiti na funguo mkononi havimsaidii. Kifafa hukoma chenyewe, na aliyekuwa ameshika kiatu wakati huo ndiye hupewa sifa.

Zikifika dakika tano bado anarusha, hiyo ni dharura. Vivyo hivyo akirudia kutupwa kabla hajapata fahamu, akijipiga vibaya kichwani, akiwa ametolewa majini, au pumzi isiporudi vizuri baada ya kutulia. Hapo tafuteni bajaji au gari, alale kwa ubavu kiti cha nyuma na mtu mzima akae naye, aende kituo cha afya ambako wana dayazepamu ya kuukatisha mtupo. Nauli nitalipa mimi. Nje ya hayo, hana haja ya kupelekwa popote. Anahitaji kivuli, kanga ya kumfunika kiunoni ili watoto wasione sketi iliyolowa, na mtu mmoja wa kukaa naye mpaka aamke. Atakapoamka atauliza, "Nimeanguka?" Mwambie ndiyo, na sasa imekwisha.

5. Ninachoomba.

Naomba vidonge vyake vikikaa shuleni viwe na mtu mmoja mwenye jina, na kuwe na karatasi ya kuweka tiki kila anapokunywa. Kama kambi haiwezi kuhakikisha hilo pamoja na saa nane za usingizi, basi alale nyumbani na aje asubuhi kama zamani, bila kuitwa mtoro.

Naomba niongee na darasa lake dakika 15 tu, wewe ukiwepo. Nitawaonyesha watoto jinsi ya kumlaza kwa ubavu, mmoja wao akijilaza sakafuni kwa mfano. Kiranja awe na kazi ya kutazama saa. Watoto wa umri huu wanapenda kupewa kazi, na mwenye kazi hakimbii.

Naomba ukiona kuzubaa au kuanguka uniandikie mambo matatu nyuma ya daftari lake: saa, dakika ngapi, na kipi kilianza kwanza, macho, mdomo, mkono au shingo, na upande gani. Kwa maelezo hayo ndipo daktari hupanga kipimo cha dawa. Mimi namwona jioni tu. Wewe unamwona mchana kutwa.

Lile neno "dharau" naomba ulikate kwa wino uleule mwekundu. Jino silidai.

La mwisho ni ule ujumbe wa kukaa nyumbani mpaka apone kabisa. Huenda asipone kabisa. Daktari amesema akikaa miaka miwili au zaidi bila mtupo wowote, hata wa kuzubaa, ndipo wataanza kufikiria kupunguza dawa kidogokidogo. Kwa kipimo chenu angerudi shule akiwa msichana wa kuvunja ungo, darasa la nne. Hamna sababu ya kitabibu ya kumzuia, na mtihani wake ni baada ya wiki tatu.

Jumatatu saa moja kasorobo nitakuwa naye langoni. Kidonge cha asubuhi atakuwa ameshakunywa. Kwenye begi lake kutakuwa na sketi ya akiba, kanga moja, na nakala ya barua hii isiyo na bahasha.

Wako,
Mama wa mtoto wa dawati la tatu, upande wa dirishani